Maswali yanayoulizwa sana na wabanikaji: samaki wa moshi, samaki wa jua, kuoza, masizi na stoo

Haya maswali nimeyakusanya kwenye kozi fupi tunazofanya na wachakataji wadogo huku Mwanza, kuanzia watu wa Kirumba Mwaloni, Igombe na Kayenze mpaka wanaovuka kutoka Ukerewe. Nimeyaacha kama yalivyoulizwa. Mengi ni ya sangara wa kubanikwa kwa sababu huyo ndiye anayewatia watu hasara kubwa kwa mkupuo mmoja, dagaa na kayabo nimewagusa pale inapobidi.

Nimebanika siku mbili nzima, samaki wamenoga rangi, nimefunga kwenye kiroba, baada ya siku sita nafungua naona ukungu. Kosa liko wapi? Moshi haukutosha?

Moshi ulitosha dada, kilichobaki ni maji. Hili ndilo swali namba moja kwenye kila kozi na naomba ulielewe hili hata kama mengine yote utasahau: kinachomzuia samaki asioze ni ukavu. Moshi unampa rangi, harufu, ladha, na una vitu kidogo vinavyosaidia bakteria wasiongezeke sana na mafuta yasichache haraka, lakini moshi unakaa juu juu, hauingii mpaka kwenye nyama ya katikati. Katikati huko anayelinda ni ukavu tu.

Sangara mbichi, ukichukua kilo 100 za nyama yake, karibu kilo 78 ni maji matupu. Maji yakishuka mpaka robo hivi ya uzito, yaani asilimia 25, bakteria wanaoozesha wanashindwa kuendelea. Ila ukungu ni mvumilivu kuliko bakteria, wenyewe unaendelea kuota mpaka maji yashuke kwenye asilimia 15 hivi. Sasa wewe umetoa samaki akiwa na asilimia labda 35, kwa macho anaonekana mkavu kabisa, ukamfunga kwenye kiroba cha nailoni, maji ya katikati yakasogea taratibu kuja juu kwenye ngozi, hayana pa kutokea, ukungu ukapata nyumba.

Kama unabanika leo na kuuza kesho hapo hapo mwaloni asilimia 35 haina shida sana. Kama mzigo unaenda Kahama au unasubiri mnunuzi wiki tatu, hapo ni lazima ufike 15.

Sasa hiyo asilimia nitaijuaje? Sina mashine ya kupima maji.

Huhitaji mashine, unahitaji mizani na peni. Samaki anapokauka kinachoondoka ni maji, nyama kavu yenyewe inabaki pale pale, kwa hiyo ukijua uzito wa mwanzo unaweza kujua uzito wa mwisho kabla hata hujawasha moto. Twende na mfano ambao tuliufanya darasani hatua kwa hatua.

Tulikuwa na vipande vya sangara kilo 50, wameshaparwa, matumbo na matamvua yametoka, wameoshwa na kuchuruzika. Hatukutia chumvi ili hesabu isichanganye watu. Maji ni 78 kwa 100, kwa hiyo kwenye kilo 50 maji ni kilo 39 na nyama kavu ni kilo 11. Hizo kilo 11 ndizo zitakazobaki. Tukitaka maji yawe asilimia 15 maana yake nyama kavu iwe asilimia 85 ya uzito wote, basi unachukua 11 unagawa kwa 0.85, unapata kama kilo 13. Tukaandika ukutani kwa chaki: MWISHO 13.

Jioni ya siku ya kwanza tukapima, kilo 24. Ukitoa 11 unapata maji kilo 13, yaani zaidi ya nusu ya uzito bado ni maji, na hapo vipande vilishakuwa na rangi nzuri ya kahawia na mama mmoja akasema hawa ni wa kufunga. Siku ya pili jioni kilo 17, maji kilo 6, hiyo ni asilimia 35. Hapa ndipo wengi wanaposimama, maana kwa mkono unamgonga samaki anasikika mgumu. Siku ya tatu kilo 14 na nusu, asilimia 24, bakteria wameshafungiwa mlango lakini ukungu bado. Siku ya nne mchana tukafika 13. Kati ya siku ya pili na ya nne kwa macho hakuna tofauti kubwa, ila kuna kilo 4 za maji zimeondoka, na hizo kilo 4 ndizo zinazoota ukungu kwenye kiroba chako.

Kitu kimoja cha kuangalia, sangara mnono anatoa mafuta. Kama umekinga mafuta kwenye karai na umepata nusu kilo, hiyo nusu kilo imetoka kwenye nyama kavu sio kwenye maji, kwa hiyo nyama kavu inakuwa 10.5 na mwisho wako unashuka kwenye kilo 12.4 hivi. Ukisahau hilo utasimama mapema ukidhani umefika.

Siwezi kupima kilo 50 kila siku, samaki watavunjika.

Kweli wanavunjika. Chukua kipande kimoja, kile kinene kuliko vyote, sio cha wastani, ukifunge waya au uzi wa pamba kwenye mkia ili ukitambue, hicho ndicho shahidi wako. Mpime peke yake kwa mizani ndogo ya jikoni. Kama ana gramu 500 akiwa mbichi, basi mzigo umekauka yeye akifika gramu 130. Mnene akifika, wembamba wameshafika zamani. Muweke sehemu ya jiko ambayo huwa inachelewa, usimuweke pale penye moto mzuri ukajidanganya.

Na kama mizani haipo kabisa, kata kipande kinene katikati, weka kwenye mfuko mweupe unaoonyesha, funga, uache juani kama saa moja. Ukiona matone ya maji ndani ya mfuko, rudisha jikoni. Hii haikupi asilimia lakini inakuokoa na aibu.

Kwa nini nje anakuwa mgumu kama gome halafu ukimvunja katikati ni laini na ana harufu ya uchachu?

Umeanza na moto mkali. Nyama ya juu ikikauka ghafla inajifunga kama ganda, maji ya ndani yanakosa njia, halafu lile joto la uvuguvugu la ndani ndio bakteria wanalolipenda. Unakuwa umemchoma nje na umemuozesha ndani kwa siku moja, jikoni kwako mwenyewe.

Anza na kipande chenyewe, kisizidi unene wa sentimita 3. Watu wanapenda minofu minene kwa sababu inauzika vizuri, lakini kipande cha sentimita 6 hakichukui muda mara mbili ya cha sentimita 3, kinachukua zaidi sana, na katikati inaweza kuharibika kabla hujafika. Baada ya kuosha waache wachuruzike kwenye chanja saa moja mpaka mbili, kivulini penye upepo, chandarua juu kwa ajili ya inzi. Ukipeleka samaki anayechuruzika maji jikoni, masizi yote yanamganda kwenye huo ute.

Kisha moto mdogo, mlango wazi, hewa ipite, saa moja au mbili, kazi yake ni kukausha ngozi tu bila kuipika. Baada ya hapo pandisha joto kama nyuzi 70 mpaka 80 kwa muda wa saa moja na nusu au mbili ili nyama iive mpaka ndani, hiyo inaua bakteria wengi na kusimamisha ile kazi ya nyama kujioza yenyewe. Halafu shusha. Kuanzia hapo mpaka mwisho ni makaa tu, nyuzi 50 mpaka 60, siku mbili tatu. Usiku ukilala unaacha makaa yafe, sio vibaya, maji ya katikati yanapata muda wa kusogea nje na kesho yake yanaondoka kwa urahisi, mradi samaki ameshaiva na jiko limefunikwa panya wasiingie.

Wateja wangu wanataka samaki mweusi, wanasema ndio kashika moshi. Ni kweli?

Kuna weusi wa aina mbili na watu wanazichanganya. Ile rangi ya dhahabu mpaka kahawia iliyokolea inatoka kwenye moshi ukikutana na nyama, huo haufutiki ukipitisha kidole. Weusi unaobaki kwenye kidole ni masizi, yaani kuni zilizoungua vibaya. Chukua kitambaa cheupe kikavu umfute samaki ubavuni, kama kitambaa kimekuwa cheusi hapo umeuza masizi. Na anakuwa na uchungu fulani kwenye ulimi, kama umelamba sufuria ya nje.

Mimi huwa nawaambia watu wawape wateja waonje wote wawili wakiwa wamepikwa. Mteja anayesema anapenda mweusi mara nyingi anachotafuta ni mkavu, sababu amezoea kwamba mweusi kakaa motoni muda mrefu.

Tunasikia moshi unaleta saratani. Ni maneno ya kutuharibia biashara au kuna ukweli?

Kuna ukweli na nitausema bila kuutia chumvi. Kuni au mafuta vikiungua bila hewa ya kutosha, au vikiungua kwa joto kali sana, vinazaa kundi la kemikali ambalo maabara wanaliita PAH. Maarufu kwenye hilo kundi ni benzopireni, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la 1, maana yake ushahidi kwamba inasababisha saratani kwa binadamu umeshakubalika. Umoja wa Ulaya, kwa samaki wa moshi, tangu Septemba 2014 wameweka kikomo cha maikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo ya nyama, kabla ya hapo ilikuwa 5. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo unaona ni kitu kidogo mno ambacho jicho wala pua haviwezi kukipima.

Haina maana mtu akila kipande kimoja ataugua. Ni suala la kiasi kinachojikusanya kwa miaka, na anayepata kingi kuliko mlaji ni wewe mwenyewe unayesimama kwenye ule moshi kila siku macho yanatoka machozi, na mtoto uliyembeba mgongoni.

Hizo PAH zinatoka kuni peke yake?

Hapana, na hapa ndipo penye siri ya sangara. Sangara ana mafuta. Mafuta yakichuruzika yakaanguka kwenye makaa ya moto au kwenye ndimi za moto, yanalipuka yale mafusho meupe mazito yenye harufu kali, na hayo mafusho yanapanda moja kwa moja kwa samaki wa chanja ya juu yakiwa yamejaa hizo kemikali. Kwa hiyo unaweza ukawa na kuni nzuri kabisa na bado ukawa na samaki mchafu kwa sababu mafuta yake mwenyewe yamemrudia.

Ndio maana hata jiko zuri kama Chorkor, lile la chanja za kupangana lililoanzia Chorkor karibu na Accra kule Ghana, ambalo linaokoa kuni na samaki wanakauka vizuri, kwenye hili jambo la mafuta halikutosha, maana moto uko chini moja kwa moja. Wataalamu wa FAO wakishirikiana na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegal, wakaja na namna ya kuongezea vitu kwenye jiko hilo hilo: sinia la kukinga mafuta, sehemu ya makaa ya kukaushia, na moshi kutengenezwa pembeni badala ya chini ya samaki. Wazo la msingi ni kutenganisha kazi mbili, kukausha ni kazi ya joto safi la makaa, kutia moshi ni kazi ya mwisho na ya muda mfupi.

Mimi nina pipa tu na matofali, siwezi kujenga hilo jiko. Nifanyeje?

Wazo hilo hilo linafanya kazi hata kwenye pipa. Kwanza kata bati lipana kuliko eneo la moto, likunje liwe kama mfereji wenye mwinamo kidogo, lipitishe kati ya moto na chanja ya chini, pembeni liache nafasi joto lipande, na mwisho wa mwinamo weka kopo la kukinga mafuta nje ya pipa. Bati liwe jeusi la kawaida, usitumie lililopakwa rangi, na lile la mabati mapya yenye zinki sio zuri karibu na moto mkali. Lisafishe kila ukimaliza mzigo, mafuta yaliyoganda juu ya bati yakishika moto siku inayofuata umerudi kule kule.

Pili, usianze kubanika wakati kuni zinawaka ndimi. Zichome nje kwanza, ziwe makaa, ndio uingize makaa. Moto ukiwa unawaka ndimi zinazofika kwenye samaki hiyo ni kuchoma, sio kubanika. Tatu, inua chanja ya chini, kama ilikuwa sentimita 30 juu ya moto ifanye 60 au zaidi. Nne, moshi uweke saa moja au mbili za mwishoni, samaki akiwa ameshakauka kiasi, kwa kuweka kuni kidogo au maranda ya mti mgumu juu ya makaa yaliyotulia. Mkavu hagandwi na masizi kama mbichi.

Mama mmoja wa Igombe alibadilisha hilo la bati tu, mengine akaacha kama alivyozoea. Wiki ya kwanza akaja na kopo la mafuta karibu lita moja kutoka kwenye mizigo miwili, akaniuliza hii yote ilikuwa inaenda wapi. Ilikuwa inaenda kwenye moto na kurudi kwa samaki.

Na kama unakula mwenyewe, sehemu kubwa ya mabaki ya moshi inakaa kwenye ngozi. Toa ngozi, suuza nyama kwa maji ya moto kabla ya kupika.

Kuni gani nzuri?

Mti mgumu, mkavu, uliokaa miezi kadhaa baada ya kukatwa. Mwembe na mpera zinapatikana huku na zinafaa. Usitumie misindano, ina utomvu mwingi, inatoa masizi na lami. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi mweupe unaodanganya watu kwamba ndio kazi inafanyika, kumbe ni maji na lami. Mbao za kiwandani zilizopakwa rangi au dawa, maboksi, chupa za plastiki, tairi, mafuta ya taa ya kuwashia, hivyo vyote hapana kabisa hata kwa kuanzishia moto.

Sangara akichelewa boti akaanza kunuka, kumbanika si kunamuokoa?

Hapana. Moshi unaficha harufu, hauondoi kuoza. Nyama ikishaanza kulegea na kuachana na mfupa, ukimbanika inapasuka na kumomonyoka kwenye chanja, na hata ukavu wake unakuwa wa unga unga. Mlaji akila anaumwa tumbo. Angalia macho, yawe yametuna na yanang'aa, matamvua mekundu, nyama ukibonyeza irudi. Ukikuta matamvua ya kijivu na ute unanuka, hiyo hasara ishie hapo mwaloni, usiiongezee gharama za kuni.

Chumvi inasaidia? Mbona kayabo wangu wanalowana wenyewe wakati sijawamwagia maji?

Chumvi inasaidia kwa mambo mawili, inavuta maji kutoka kwenye nyama na wadudu wengi wa samaki mkavu hawaipendi. Kwa samaki wa moshi tunatumia maji ya chumvi, kilo 1 kwa lita 10 za maji safi, vipande vinalala nusu saa mpaka saa moja halafu vinachuruzika. Ukitia chumvi pima uzito wa mwanzo baada ya kuchuruzika, sio kabla.

Kayabo kulowana ni tabia ya chumvi yenyewe. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, juu ya asilimia 75 hivi, chumvi inavuta maji kutoka hewani na kuyeyuka. Huku ziwani usiku na wakati wa masika hewa inafika huko kirahisi sana. Kwa hiyo kayabo uliowaacha wazi usiku kwenye banda la ufukweni wataamka wamelowa hata kama mvua haikunyesha. Wafunike vizuri kabla jua halijazama, na usiwafungue asubuhi mpaka umande ukatike.

Dagaa nianike kwenye mchanga au chanja? Na mvua ikinikuta?

Chanja. Sio suala la mchanga kwenye meno tu, dagaa wa chini anapigwa na hewa upande mmoja, chini yake kuna unyevu wa ardhi, na kuku, mbwa na watoto wanapita juu yake. Chanja ya nyavu ndogo ndogo, kimo cha mita moja, upepo unapita juu na chini, jua likiwa zuri na ukiwatandaza tabaka moja wanakauka siku hiyo hiyo. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha na ukimkunja anavunjika. Aliyekuwa mwekundu au wa kahawia, tumbo limepasuka, huyo alianza kuoza kabla hajakauka, na mwisho wake ni chakula cha kuku kwa bei ya kuku.

Mvua ndio shida kubwa kwa sababu dagaa wanaingia alfajiri wengi kwa pamoja, haujui kama jua litatoka. Ukiona wingu limeziba usiwarundike chini ya turubai, rundo linapata joto lenyewe na saa chache tu limeharibika. Wachovye kwenye maji ya chumvi ile ile ya kilo 1 kwa lita 10 dakika 15 hivi, watandaze tabaka jembamba kwenye chanja zilizo chini ya paa lililo wazi pembeni. Kama hakuna dalili ya jua mpaka mchana, wahamishie kwenye joto la makaa kwa chanja ya wavu mdogo au wakaange. Faida itapungua lakini mtaji utabaki.

Kuna wadudu weusi wadogo na funza wenye manyoya ndani ya tenga. Nipulize dawa?

Usipulize. Dawa ya mbu, dawa ya shambani, dawa ya kuogeshea mifugo, hizo hazikutengenezwa kwa chakula na hazitoki kwa kuosha. Waliokuwepo kwenye biashara mwaka 1999 wanakumbuka Umoja wa Ulaya ulivyofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na walioumia walikuwa wengi kuliko waliotumia sumu.

Huyo mdudu mweusi na funza wake wa manyoya ni wa samaki aliyekwisha kauka. Ni tofauti na funza weupe wa inzi, hao wanatagwa samaki akiwa bado mbichi au nusu mbichi, kwa hiyo ukiona weupe kosa ni la jikoni au kwenye kuanika, ukiona wenye manyoya kosa ni la stoo. Kutoka yai mpaka mdudu mkubwa ni kama mwezi au mwezi na nusu kwenye joto letu, maana yake mzigo unaokagua kila wiki mbili hauwezi kukushtukiza.

Ukiwakuta, toa mzigo wote nje, kung'uta, rudisha jikoni kwenye makaa mpaka joto la nyuzi 60 lifike ndani ya kipande na likae kama saa moja, yai na funza vyote vinakufa. Wakati samaki wako jikoni, fagia stoo, ziba nyufa za ukuta na mbao maana funza wanapotaka kugeuka wanatoboa humo, matenga ya zamani yamwagie maji yanayochemka na uyaanike. Ukirudisha samaki safi kwenye tenga chafu umefanya kazi bure.

Kiroba cha nailoni au tenga?

Inategemea umefika asilimia 15 au hujafika. Samaki ambaye hajakauka vizuri kwenye nailoni ni ukungu ndani ya wiki. Aliyekauka kweli nailoni inamlinda asinyonye unyevu wa ziwani. Wengi wetu tuko katikati, kwa hiyo tenga lililotandikwa karatasi safi za kaki ni salama zaidi, linapumua, na samaki hawavunjiki safarini kama kwenye kiroba. Magazeti yenye wino usiyatumie.

Kwa vyovyote acha samaki wapoe kabisa kabla ya kufunga, usiku mzima ikibidi. Samaki wa vuguvugu akifungwa anatoka jasho, na hilo jasho linatosha kuharibu kazi ya siku nne. Tenga likae juu ya mbao, sentimita 15 mpaka 20 kutoka sakafuni na mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, maana sakafu ya saruji inapitisha unyevu.

Ukungu umeshaota kidogo tu, nikifuta na kuanika tena si sawa?

Kinachoonekana juu ni maua tu, mizizi iko ndani ya nyama, na baadhi ya ukungu unaacha sumu ambayo jua wala kupika haviiondoi. Kipande chenye ukungu tupa, fukia, usimpe kuku. Vipande vya jirani ambavyo havijaota virudishe jikoni, mpime yule shahidi wako tena, ujue mzigo ulikuwa na maji kiasi gani ulipofunga.

Hana ukungu, hana mdudu, lakini baada ya miezi miwili ananuka kama rangi ya mafuta na nyama imekuwa ya njano.

Hayo ni mafuta yamechacha, na hapa ukavu hausaidii, yaani samaki mnono akiwa mkavu sana na wazi kwenye hewa na mwanga anachacha haraka zaidi. Kwa sangara mkubwa mnono panga kuuza ndani ya wiki tano sita, weka penye giza na ubaridi, mzigo wa kukaa muda mrefu uchague wenye mafuta kidogo. Andika tarehe ya kufunga kwenye kila tenga kwa mkaa au kalamu ya wino mzito, uuze la zamani kwanza. Nimeona stoo ambayo tenga la chini lilikuwa na miezi mitano na hakuna aliyejua kwa sababu kila mzigo mpya ulikuwa unawekwa juu.